Ikisiri ya bango la ukaguzi wa unawaji mikono: anza na namba ya chini

Kila msimu wa makongamano ya afya unapokaribia, simu yangu haikai kimya. Anayepiga huwa muuguzi au tabibu kutoka hospitali ya wilaya, mara nyingi huku Pemba, na maneno huwa yale yale: "Dada, ukaguzi tumeshafanya, fomu zimejaa kabati, tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Ikisiri tunaianzaje?" Baada ya hapo hufuata maswali matatu: niweke asilimia ipi, naruhusiwa kuandika kwamba madaktari hawanawi, na mbona mwaka jana tulikataliwa?

Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa maandishi. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: hospitali ya wilaya kisiwani Pemba iliyokagua wodi tatu kwa wiki mbili. Namba za mfano huu nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, si za hospitali yoyote, kwa hiyo usizinukuu popote. Zako zitatoka kwenye fomu zako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Fomu zote za uangalizi, za karatasi, si jumla uliyotumiwa kwa simu. Utazihitaji ukianza kushuku namba.
- Jedwali la kompyuta ambamo kila fursa, yaani kila mara mikono ilipotakiwa isafishwe, imeingizwa kwenye mstari wake: wodi, kada, wakati gani kati ya nyakati tano nitakazozitaja hatua ya 1, alisafisha mikono au hakusafisha, na kama hakusafisha, alivaa glovu au hakuvaa.
- Tarehe za ukaguzi, zamu zilizokaguliwa, idadi ya waangalizi na mafunzo waliyopata.
- Barua ya ruhusa kutoka kwa uongozi wa hospitali, na jibu la kamati ya maadili ya utafiti wa afya kama ukaguzi wako unahitaji kibali chao au hauhitaji. Jibu hili litafute mapema, kwa sababu kibali hakitolewi kwa kazi ambayo imeshakwisha.
- Maelekezo ya kongamano: idadi ya maneno, vichwa vidogo wanavyotaka, lugha. Wengi hutaka maneno 250 au 300. Wakitaka Kiingereza, andika kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ikae sawa, ndipo uhamishe.

Hatua ya 1. Hesabu fursa, usihesabu watu

Hapa ndipo ikisiri nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fomu ya Shirika la Afya Duniani inafuata nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuwa katika hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kila mara mojawapo ya nyakati hizo inapotokea, mikono inatakiwa isafishwe, na hapo pana fursa moja. Namba ya chini ya asilimia yako ni fursa. Namba ya juu ni mara ambazo mikono ilisafishwa kweli, ama kwa maji na sabuni ama kwa kitakasa mikono.

Tazama mkunga mmoja katika wodi ya wazazi, asubuhi. Anaweka kalamu mezani, anakwenda kitanda cha kwanza na kuweka mkono juu ya tumbo la mama kusikiliza uchungu. Hakunawa. Hiyo ni fursa ya kwanza, imerukwa. Anavuta glovu na kumpima njia. Kabla ya kuzivaa hakunawa, kwa hiyo fursa ya pili nayo imerukwa, na kwenye fomu unatia alama ya glovu. Anazivua, anakwenda kwenye mfereji, ananawa kwa sabuni. Fursa ya tatu, imetimizwa. Anarudi kwa mama yule yule, anampima presha, kisha anapita moja kwa moja kitanda cha pili, na njiani anasugua mikono kwa kitakasa kilichomo mfukoni mwake. Hapo pana sababu mbili kwa pamoja, baada ya kumgusa mgonjwa wa kwanza na kabla ya kumgusa wa pili, lakini fursa ni moja, kwa sababu kusafisha mara moja kunatosheleza zote mbili. Fursa ya nne, imetimizwa.

Jumla: mtu mmoja, fursa nne, mara mbili amesafisha mikono. Utekelezaji ni 2 kati ya 4. Mwangalizi anayehesabu watu angeandika "mkunga amenawa, 1 kati ya 1", na kwa siku mbili tu angekuwa na hospitali yenye asilimia 90.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno, pitia fomu na ujiulize: namba ya chini ni nini hasa? Dalili ya kwamba kuna kasoro ni namba ya chini inayolingana na idadi ya wafanyakazi wa zamu. Dalili nyingine ni fomu ambazo karibu kila mstari umejazwa "amenawa". Mara nyingi maana yake ni kwamba mwangalizi alikuwa akiandika pale tu alipoona mtu yuko kwenye mfereji. Fursa iliyorukwa haina sauti wala haina maji yanayomwagika, na mwangalizi asiyefunzwa haioni.

*Onyo.* Ukigawanya matokeo kwa nyakati tano, namba za chini za nyakati hizo ukizijumlisha zinaweza kuzidi jumla ya fursa. Si kosa, ni kwa sababu ya zile sababu mbili zinazokutana kwenye fursa moja. Katika mfano wetu fursa ni 360 na sababu ni 405. Msomaji makini atajumlisha, basi lijue jibu kabla hajakuuliza mbele ya bango.

Hatua ya 2. Pata asilimia moja kuu

Hospitali yetu ya mfano ina haya:

- Wodi ya wazazi: 54 kati ya 180 (30%)
- Wodi ya watoto: 60 kati ya 120 (50%)
- Wodi ya wanaume: 30 kati ya 60 (50%)

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kujumlisha 30, 50 na 50, kugawanya kwa tatu, na kuandika 43%. Sivyo. Wodi ya wazazi ina nusu ya fursa zote, haiwezi kupewa uzito sawa na wodi yenye fursa 60. Jumlisha za juu, jumlisha za chini, kisha gawanya: 144 kati ya 360, yaani 40%. Tofauti ya alama tatu inaonekana ndogo, lakini mhakiki mwenye kikokotoo huigundua kwa nusu dakika, na akishaigundua haziamini tena namba zako nyingine.

Kisha weka mipaka ya uhakika, yaani namba mbili ambazo asilimia ya kweli huenda iko kati yake, kwa sababu wiki mbili ni dirisha dogo tu la mwaka mzima. Katika jedwali la kompyuta andika:

```
=100*144/360
=100*(0.4-1.96*SQRT(0.4*0.6/360))
=100*(0.4+1.96*SQRT(0.4*0.6/360))
```

Utapata 40, kisha 35 na 45 kwa namba nzima. Usiandike 34.94%, kwa sababu desimali mbili kwenye fursa 360 zinajifanya kujua kisichojulikana. Na ujue kwamba mipaka hii ni myembamba kuliko ukweli. Hesabu inachukulia kila fursa kuwa peke yake, ilhali mkunga yule mmoja amekupa fursa nne, na tabia yake ni moja. Kwa ikisiri ya bango inatosha kuiandika hivyo hivyo, lakini usiitumie kujigamba.

Hatua ya 3. Chagua matokeo mengine mawili au matatu, mengine yaache kwenye bango

Ikisiri si ghala. Una wodi tatu, kada tatu, nyakati tano, glovu na mifereji, na vyote haviingii kwenye maneno 250. Jiulize ni lipi kati ya hayo lingembadilishia muuguzi mkuu ratiba yake ya kesho.

Katika mfano wetu, ninaloliona mimi ni pengo kati ya kabla na baada. Kabla ya kumgusa mgonjwa, mikono ilisafishwa mara 22 kati ya 110 (20%). Baada ya kumgusa, mara 63 kati ya 115 (55%). Hilo lina maana: mtu hunawa zaidi pale anapohisi mikono yake imechafuka, yaani anajikinga yeye. Anayekingwa na kunawa kwa "kabla" ni mgonjwa, hasa mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Pengo hili liwe kiini cha ikisiri yako.

La pili ni glovu. Katika fursa 216 zilizorukwa, glovu zilikuwa zimevaliwa katika 81 (38%). Fomu hurekodi glovu pale tu mikono haikusafishwa, kwa hiyo namba ya chini hapa ni 216, si 360. Angalia sana usiichanganye.

La tatu ni maji. Siku ya kwanza ya ukaguzi, sehemu za kunawia 15 kati ya 24 (63%) zilikuwa na maji na sabuni kwa pamoja. Namba hii iweke kila mara unapokuwa nayo. Kuripoti kwamba watu hawanawi bila kusema kama mfereji ulikuwa unatoa maji ni kuwatwika wafanyakazi mzigo usio wao.

Kuhusu wodi dhidi ya wodi, iache. Shirika la Afya Duniani linapendekeza fursa 200 kwa kila kitengo kwa kila kipindi kama unataka kulinganisha, na hapa hata wodi ya wazazi haijafika. Wodi ya wanaume kwa fursa zake 60 ina mipaka ya 37% hadi 63%, upana unaoweza kumeza tofauti yoyote. Isitoshe, wodi ya wazazi ina kazi nyingi za majimaji ya mwili na za usafi wa hali ya juu. Mchanganyiko wa nyakati zake si ule wa wodi ya wanaume, na kuwapanga wa kwanza mpaka wa mwisho ni kuwaonea wakunga.

*Onyo kwa hospitali ndogo.* Ukigawa kwa kada, hesabu kwanza wako wangapi. Hospitali ya wilaya huku kwetu inaweza kuwa na daktari mmoja tu wa upasuaji. Ukiandika "daktari wa upasuaji, 2 kati ya 14", umemtaja kwa jina, na kisiwa kizima kitajua kabla boti ya jioni haijaondoka. Unganisha kada mpaka kila kundi liwe na watu wa kutosha kujificha ndani yake, au usigawe kabisa.

Hatua ya 4. Andika Matokeo kwanza, kisha Mbinu

Usianze na Usuli. Ukianza nao utatumia maneno mia kueleza kitu ambacho kila aliyemo kwenye kongamano anakijua. Andika Matokeo kwa namba za hatua ya 2 na ya 3, kila asilimia ikiwa na juu na chini yake. Kisha rudi nyuma uandike Mbinu, na kazi ya Mbinu ni moja: kila namba iliyomo kwenye Matokeo iwe imeelezwa ilivyopatikana.

Kwa ukaguzi wa namna hii, Mbinu ijibu haya: wapi na lini, nani aliangalia na alifunzwa nini, fomu ipi, kipindi kimoja kilikuwa cha dakika ngapi (mwongozo unasema 20, zaidi au pungufu kwa 10), zamu zipi, utekelezaji umepimwaje, na majina yaliandikwa au la. Sentensi inayosahauliwa kuliko zote ni ile ya zamu. Kama mliangalia asubuhi peke yake, wakati wa mzunguko wa madaktari, sema hivyo. Saa hizo mkuu wa wodi yupo, na mikono hunawiwa.

Kama Matokeo yanataja mifereji, Mbinu lazima iseme mliikagua lini. Nimewahi kurudishiwa ikisiri yangu mwenyewe kwa sababu hiyo hiyo: namba ya sabuni ilitokea kwenye Matokeo kama mgeni asiyetambulishwa, na mhakiki akaandika pembeni, "Hii imetoka wapi?" Ukaguzi wa wiki nzima ulianguka kwa sentensi moja iliyokosekana.

Hatua ya 5. Usuli wa sentensi tatu

Ya kwanza iseme tatizo, ya pili iseme kilichokuwa hakijulikani katika hospitali yako, ya tatu iseme mlikusudia kujua nini. Historia ya Vienna ya mwaka 1847, Semmelweis alipowaagiza madaktari wanawe mikono, na takwimu za dunia nzima ziache. Sentensi ya pili ndiyo yenye thamani, maana ni wewe tu unayeweza kuiandika.

Hatua ya 6. Hitimisho lisivuke fomu

Fomu ya uangalizi inajua jambo moja: mikono ilisafishwa au haikusafishwa. Haijui kwa nini. Nimesoma ikisiri zilizohitimisha kwamba wafanyakazi "hawana elimu" ilhali hakuna aliyepimwa elimu, na nyingine iliyosema wafanyakazi Waislamu hawataki kitakasa chenye spiriti. Hilo la mwisho lilinisikitisha, kwa sababu hakuna aliyeulizwa, na wodini naona wenzangu wakikitumia kila siku. Kama unashuku sababu fulani, waulize watu kwa ukaguzi mwingine. Kwenye hitimisho hili sema ulichokiona, taja kasoro kubwa ya ukaguzi wako, na sema hospitali itafanya nini na lini itapima tena.

Kasoro haikwepeki kwenye kazi hii: anayejua anaangaliwa hunawa zaidi. Kwa hiyo 40% yako huenda iko juu ya hali ya kawaida. Iandike. Haikupunguzii alama, kinyume chake inamwonyesha mhakiki kwamba unaijua kazi.

*Onyo.* Neno "umeongezeka" au "umeshuka" halina nafasi kama mmepima mara moja. Na kama mwaka jana mlihesabu watu na mwaka huu mmehesabu fursa, mmepima vitu viwili tofauti, msivilinganishe.

Hatua ya 7. Kichwa cha habari mwishoni

Kichwa kiseme kilichopimwa, mahali, na namna. Kisiwe swali, kisiwe kauli mbiu ya siku ya usafi wa mikono ya tarehe 5 Mei. Mtu anayepita mbele ya mabango mia moja anasoma kichwa kwa sekunde chache, na anachotaka kujua ni kama hospitali yenu inafanana na yake.

Ikisiri yenyewe, ikiwa imekamilika

> Utekelezaji wa usafi wa mikono katika wodi tatu za hospitali ya wilaya kisiwani Pemba: ukaguzi kwa uangalizi wa moja kwa moja
>
> Usuli: Mikono ya watoa huduma ni njia kuu ya kusambaza vijidudu kati ya wagonjwa. Hospitali yetu ilikuwa haijawahi kupima usafi wa mikono kwa kuangalia wafanyakazi wakiwa kazini. Tulikagua ili kujua kiwango cha utekelezaji na nyakati zinazorukwa zaidi.
>
> Mbinu: Ukaguzi ulifanyika kwa wiki mbili katika wodi za wazazi, watoto na wanaume. Waangalizi wawili waliofunzwa walitumia fomu ya nyakati tano ya Shirika la Afya Duniani, katika vipindi vya dakika 20, zamu za asubuhi na jioni. Utekelezaji ni fursa ambazo mikono ilisafishwa kwa maji na sabuni au kwa kitakasa, kwa kila fursa 100. Majina hayakuandikwa. Siku ya kwanza tulikagua sehemu zote za kunawia katika wodi hizo.
>
> Matokeo: Mikono ilisafishwa katika fursa 144 kati ya 360 (40%, mipaka ya uhakika ya 95%: 35–45%). Kabla ya kumgusa mgonjwa ilisafishwa mara 22 kati ya 110 (20%), na baada ya kumgusa mara 63 kati ya 115 (55%). Katika fursa 216 zilizorukwa, glovu zilikuwa zimevaliwa katika 81 (38%). Sehemu za kunawia 15 kati ya 24 (63%) zilikuwa na maji na sabuni.
>
> Hitimisho: Wafanyakazi walisafisha mikono zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla, na mara nyingi glovu zilivaliwa bila mikono kusafishwa. Kuangaliwa huenda kulipandisha kiwango, na zamu ya usiku haikukaguliwa. Hospitali itaweka kitakasa kando ya vitanda na kurudia ukaguzi kwa fomu hiyo hiyo baada ya miezi mitatu.

Haifiki maneno 250. Nafasi iliyobaki usiijaze, kwa sababu Kiingereza chake kinaweza kuwa kirefu zaidi. Angalia pia kwamba mwaka na tarehe nimeziacha kwa kuwa mfano ni wa kubuni. Wewe ziandike kwenye Mbinu.

Ukikwama

*Asilimia yetu ni 92. Tufurahi?* Kwanza rudi kwenye fomu. Tazama kama "kabla ya kumgusa mgonjwa" ina fursa chache mno kuliko "baada ya kumgusa". Kwa kawaida hizo mbili zinakaribiana, maana kila aliyemgusa mgonjwa alimfikia kwanza. Kama mna "kabla" 12 na "baada" 90, waangalizi hawakuona mwanzo wa kazi, na asilimia hiyo haifai kuandikwa.

*Waangalizi wawili wana majibu yanayopishana sana.* Ukaguzi ukiwa bado unaendelea, wakae pamoja kwenye kipindi kimoja, kila mmoja na fomu yake, wasisemezane, kisha mlinganishe mstari kwa mstari. Mara nyingi tofauti huwa kwenye wakati wa tano, ule wa kugusa meza, chandarua au stendi ya dripu bila kumgusa mgonjwa. Kama ukaguzi umeshakwisha, sema kwenye bango kwamba hamkupima kukubaliana kwao.

*Fursa zetu ni 95 tu.* Ikisiri inaandikika. Ripoti asilimia moja ya hospitali nzima pamoja na mipaka yake, usigawe wodi wala kada, na kwenye Hitimisho sema ni ukaguzi wa awali.

*Uongozi unaona aibu na namba ndogo.* Wapelekee ikisiri kabla ya kuituma, wala si baada. Kaa nao, waonyeshe namba ya mifereji ikiwa kando ya namba ya mikono. Jina la hospitali mnaweza kulitoa kwenye kichwa mkaandika "hospitali ya wilaya", ingawa anuani za waandishi zitaonyesha mnatoka wapi, na wanapaswa kuambiwa hilo. Namba yenyewe haibadilishwi. Wakikataa isitoke, basi haitoki mwaka huu.

*Tumezidi kwa maneno 40.* Kata Usuli kwanza, kisha viunganishi vya adabu kama "ikumbukwe kwamba" na "ni vyema kutambua". Usikate namba za juu na za chini za asilimia. Ukibaki na "20%" peke yake bila "22 kati ya 110", umekata kitu ambacho mhakiki alikuwa anakitafuta.

*Kongamano limetukubalia na sasa wanataka bango lenyewe.* Hapo sasa zile wodi, kada zilizounganishwa na nyakati zote tano zinapata nafasi, kwenye mchoro mmoja wa mihimili. Andika idadi ya fursa chini ya kila mhimili, kwa sababu mhimili wa wodi ya wanaume wenye fursa 60 na ule wa wazazi wenye 180 vinginevyo vitaonekana vina nguvu sawa.